Shingo haijakua, lakini koo linabana

*Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mama wa miaka 47. Nina uvimbe mbele ya shingo tangu mimba ya mtoto wangu wa pili. Hauumi, nikauzoea. Mwaka huu koo limeanza kunibana, hasa nikilala chali au nikiinua mikono kusuka nywele, na kuna siku moyo unanienda mbio nikiwa nimekaa tu. Cha ajabu, kwa nje shingo haijaongezeka. Nilipima: TSH 0.2, T4 huru ya kawaida, na altrasaundi ikaonyesha vinundu vingi, kikubwa sentimita 3.4 upande wa kushoto, "mwisho wa chini hauonekani". Nikaambiwa homoni ziko sawa, nirudi baada ya mwaka. Dada yangu anasema goita ni upungufu wa iodini, akaninunulia Lugol ya asilimia 5. Nilianza baada ya vipimo, matone matatu kwa siku, sasa ni wiki ya tatu. Niendelee? Na mbona koo linabana kama uvimbe haukui? Naogopa isije ikawa saratani.*

*Mama Wawili*

Mama Wawili, hayo matone yaache leo hii, kabla hujaendelea kusoma.

Tone moja la Lugol ya asilimia 5 lina takriban miligramu 6 za iodini. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250. Sasa piga hesabu: miligramu 6 ni maikrogramu 6,000, yaani mahitaji ya siku 40 ndani ya tone moja. Wewe unameza matatu, kwa hiyo kila siku inayopita unaingiza mwilini iodini ya miezi minne. Mtu mwenye tezi nzima mara nyingi huuhimili mzigo huo, kwa sababu tezi nzima ikizidiwa na iodini hupunguza kazi yenyewe kwa muda. Kwa majibu uliyoniandikia, sidhani kama tezi yako bado inaweza kufanya hivyo.

Dada yako simlaumu. Alichokisema ni kweli kuhusu namna goita nyingi zinavyoanza. Tatizo ni kwamba goita ya miaka mingi haibaki kuwa kitu kilekile kilichoanza, na dawa ya mwanzo wake inaweza kuwa madhara ya mwisho wake. Hapo ndipo nataka tukae kidogo, maana ukielewa hilo maswali yako yote matatu yanajijibu.

Tezi ya thairoidi imekaa chini ya kikoromeo, mbele ya mrija wa hewa. Ina pande mbili, kulia na kushoto, zilizounganishwa katikati na kipande chembamba. Kila upande kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 4 hadi 5, na tezi nzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Imeshikamana na mrija wa hewa, na mrija huo hupanda kila unapomeza, ndiyo maana tezi nayo hupanda. Simama mbele ya kioo penye mwanga, inua kidevu kidogo, kunywa funda la maji na utazame kati ya kikoromeo na mitulinga. Uvimbe unaopanda na kushuka na funda ni wa thairoidi au kitu kilichoshikana nayo. Uvimbe unaotulia palepale mara nyingi ni tezi za limfu au mafuta chini ya ngozi. Na upo mmoja unaopanda mtu akitoa ulimi nje: huo ni kifuko cha maji kilichobaki tangu mtu akiwa tumboni mwa mama yake, kwenye njia ambayo thairoidi ilipita ikishuka kutoka kwenye shina la ulimi. Wako altrasaundi imeshausema, lakini wasomaji wengine watataka kujua.

Ndani ya tezi mna vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kimezungukwa na ukuta wa seli na katikati kina ute. Seli hizo hunasa iodini kutoka kwenye damu na kuisukuma kwenye ute, na humo ndimo homoni inapoundwa. Homoni ya T4 hubeba atomu nne za iodini, T3 hubeba tatu. Ndiyo asili ya hizo namba. Pasipo iodini tezi haina malighafi, hata ikiwa na afya namna gani.

Kinachoamua tezi ifanye kazi kiasi gani ni TSH, homoni inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo. Thairoidi ikitoa homoni kidogo, pituitari huongeza TSH. Ikitoa nyingi, TSH hushuka. Sasa mtu akikosa iodini kwa muda mrefu, TSH hupanda kidogo na kuendelea kuisukuma thairoidi. Seli hukua, kisha huzaliana, na mishipa ya damu huongezeka ili iodini chache iliyopo inaswe vizuri zaidi. Hapo ndipo goita inapoanza, na ajabu yake ni kwamba mara nyingi inafanikiwa: tezi kubwa inatoa homoni ya kutosha kutokana na malighafi haba, na mwenye goita hana dalili yoyote zaidi ya shingo iliyojaa.

Upungufu wa iodini si njia pekee ya kufika huko. Kinga ya mwili inaweza kuishambulia tezi hadi ikadhoofu, TSH ikapanda na kuisukuma vilevile. Katika ugonjwa mwingine, uitwao Graves, kinga hutengeneza kingamwili zinazojifanya TSH. Zipo pia familia ambazo tezi zao huota vinundu hata iodini ikiwa tele. Ujauzito nao ni msukumo wa aina yake: mahitaji ya homoni hupanda karibu kwa nusu, figo hupoteza iodini zaidi kwenye mkojo, mtoto huchukua sehemu yake, na homoni ya mimba yenyewe huichochea thairoidi. Ndiyo maana akina mama wengi, kama wewe, wanaweza kutaja mimba ambayo uvimbe ulianza kuonekana.

Goita ya mwanzo ni laini na imejaa sawasawa. Kwa kijana, iodini ikirudi kwa kiwango cha kawaida, mara nyingi husinyaa. Lakini seli za thairoidi hazifanani. Ziko zinazoitikia TSH haraka na ziko za polepole, na msukumo ukidumu miaka, zile za haraka zinawatangulia wenzao na kujikusanya kuwa mafungu. Mafungu yanakua kuliko damu inavyoyafikia. Baadhi hufa katikati na kuacha maji, mengine huvuja damu ndani kwa ndani, panapopona panabaki kovu, na kovu lingine hushika chokaa. Kovu linazungushia fungu ukuta, nalo linakuwa kinundu. Maji, damu iliyoganda, kovu na chokaa havijali iodini unayokula. Ndiyo sababu goita ya vinundu haiyeyuki kwa matone wala kwa chumvi, hata ukitumia miaka.

Hilo peke yake lingekuwa hasara ya pesa tu. Lililo baya zaidi ni kwamba, katika kuzaliana huko kote, kuna seli zinazopata hitilafu kwenye kipokezi cha TSH, kile kinachopaswa kungoja amri. Kipokezi kinakuwa kama kimeamrishwa muda wote. Seli hizo na watoto wao hutoa homoni bila kujali pituitari inasema nini. Zikiwa chache hakuna anayeona tofauti. Zikiwa nyingi, homoni inaanza kuzidi, na pituitari inapunguza TSH kujaribu kuzizuia seli ambazo hazisikii. Kilichokuwa kikizishikilia kidogo ni uhaba wa malighafi. Wewe sasa unazimiminia.

Jambo hili lina zaidi ya miaka mia mbili likijulikana. Iodini iligunduliwa na Mfaransa Bernard Courtois mwaka 1811, na kufikia 1820 daktari wa Geneva, Jean-François Coindet, alikuwa akiwapa wagonjwa wa goita. Baadhi ya goita zilisinyaa kweli. Lakini walikuwepo waliokonda, wakatetemeka na kwenda moyo mbio, na Coindet mwenyewe aliliandika hilo. Leo tunajua kwamba wanaopatwa hivyo zaidi ni watu wazima wenye goita kongwe ya vinundu, na kwamba dalili zinaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuanza iodini, hata miezi. Kwa hiyo kutoona mabadiliko katika wiki tatu hakukuhakikishii kitu.

Chumvi yenye iodini ya kupikia usiiondoe nyumbani. Kiasi cha kawaida hakikudhuru, na walio chini ya paa lako wanaihitaji wasije wakaanza safari hiyohiyo. Ninachokukataza ni matone, vidonge vya iodini na vidonge vya mwani.

Tuje kwenye yale majibu. Kwamba homoni ziko sawa, hapo sikubaliani. Maabara nyingi huandika TSH ya kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4, hivi, na yako ni 0.2. Watu huitazama T4 iliyo ndani ya mipaka wakatulia, lakini pituitari hugundua ziada kabla ya mipaka hiyo kuvukwa. T4 ikipanda mara mbili tu, TSH hushuka takriban mara mia. Kwa hiyo TSH iliyoshuka huku T4 ikiwa ya kawaida, kwa mtu mwenye vinundu vingi, ndiyo sura ya mwanzo ya tezi inayojiendesha yenyewe. Tena vinundu vya namna hii mara nyingi hupandisha T3 kwanza, na kwako T3 sioni kama ilipimwa.

Swali moja dogo, ambalo wengi hawaulizwi: unatumia vidonge vya nywele na kucha? Vingi vina biotini kwa wingi, na biotini huvuruga kipimo chenyewe pale maabara, TSH ikaonekana ya chini na T4 ya juu wakati mwilini hakuna kitu. Kama unavitumia, viache angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, na kama dozi ni kubwa acha zaidi ya hapo.

Usingoje mwaka. Rudi wiki hii upimwe upya TSH, T4 huru na T3, kwa sababu vipimo ulivyonavyo ni vya kabla ya matone na havisemi hali ya leo. Nenda na chupa yenyewe mkononi. Na kwa kuwa moyo unakwenda mbio, omba kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG. Kabla ya kwenda, ukiwa umekaa na umetulia dakika kumi, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, kwa sababu tunatafuta pia mpangilio. Yakizidi 100, au yakiwa yanadunda bila mpangilio, mara mawili ya haraka mara kimya, usingoje miadi. Ukiongezewa kifua kuuma, kizunguzungu cha kuanguka au pumzi kukatika, hiyo ni dharura.

Sasa koo. Uliposema uvimbe haukui, ulimaanisha haukui pale unapouona. Thairoidi kwa mbele imefunikwa na misuli bapa ya shingo, nyuma kuna uti wa mgongo, juu imefungwa kwenye koromeo. Upande uliobaki wazi ni chini. Goita inayokua polepole huteremka kufuata njia hiyo, ikapita nyuma ya mfupa wa kidari na kuingia kifuani, na uvutano wa kumeza na kupumua huisaidia kushuka. Ndiyo maana mpimaji wako aliandika kwamba mwisho wa chini hauonekani. Mawimbi ya altrasaundi hayapiti kwenye mfupa, kwa hiyo ule mstari mdogo mwishoni mwa ripoti ndio mstari muhimu kuliko vyote, kuliko hata hizo sentimita 3.4.

Mlango wa kuingilia kifuani umezungukwa na mifupa: kidari mbele, mbavu za kwanza pembeni, uti wa mgongo nyuma. Hautanuki. Humo hupita mrija wa hewa, umio na mishipa mikubwa ya damu inayotoka kichwani, na sasa goita nayo inataka nafasi. Ukilala chali au ukiinua mikono, goita hupanda na mlango hubana, ikakaa kama kizibo kwenye shingo ya chupa. Ukishusha mikono inaachia. Mwaka 1946 daktari Mwingereza Hugh Pemberton alieleza namna ya kulipima hili: mgonjwa huinua mikono yote miwili hadi iguse masikio na kukaa hivyo kama dakika moja, huku daktari akiangalia kama uso unawiva au kubadilika rangi, mishipa ya shingo inatuna, au pumzi inakuwa nzito. Wewe umekuwa ukijipima bila kujua kila unaposuka nywele. Usilirudie peke yako kwa makusudi, mwachie daktari alifanye mbele yake.

Naomba nitenganishe hapa, kwa sababu nyingi ya barua ninazopata kuhusu koo kubana hazihusu goita. Kuna ile hali ya kuhisi kitu kimekwama kooni, mtu anameza mate mara kwa mara na hakiendi, lakini akikaa kula chakula kinashuka bila shida na kile kitu kinapotea. Hiyo hutokana na asidi inayopanda kutoka tumboni, mkazo wa misuli ya koo au wasiwasi, na mtu anaweza kuwa na kigoita kidogo kando ambacho kinasingiziwa bure. Goita inayobana umio hutenda kinyume: mate yanapita, chakula kigumu ndicho kinachosita. Umio umelalia kidogo upande wa kushoto, na kinundu chako kikubwa kiko kushoto, hivyo fuatilia hilo. Goita inayobana mrija wa hewa hujionyesha kwa mkao na kwa kazi, yaani kulala chali, kuinama, kupanda ngazi. Maelezo yako yanaangukia upande huu.

Mrija wa hewa wa mtu mzima una upana wa milimita 15 hadi 20 hivi. Unaweza kupungua sana kabla mtu hajahisi, kwa sababu tukiwa tumetulia hatuhitaji upana wote. Ukifika kwenye milimita 8, pumzi hukatika kwa kazi. Ukikaribia 5, hewa huanza kutoa sauti ya mluzi hata mtu akiwa amekaa. Kati ya hatua hizo mbili hakuna nafasi kubwa, na mafua ya kawaida au kinundu kuvuja damu ndani vinaweza kuizima mara moja. Kwa hiyo ukisikia mluzi wakati wa kuvuta pumzi, ukishindwa kabisa kulala chini, au shingo ikivimba ghafla na kuuma, nenda kwenye dharura usiku huohuo, ukiwa umeketi wima.

Ili kujua mrija wako una upana gani, unahitaji CT ya shingo na kifua. Hapa kuna mtego. Dawa inayochomwa kwenye mshipa ili picha za CT zing'ae imejaa iodini, kiasi kinachoyafanya matone yako yaonekane kitu kidogo. Kwa mtu mwenye TSH ya chini na vinundu vingi inaweza kuwasha kilekile tunachokikwepa. Bahati nzuri, CT isiyo na dawa hiyo inatosha kuonyesha goita imeshuka hadi wapi na mrija umebanwa kiasi gani. Mwambie anayeiandika, na umwambie tena fundi wa mashine siku yenyewe: TSH yangu iko chini, naomba isiyo na dawa ya mshipa. Kama kuna sababu ya lazima ya kuitumia, daktari ataamua akiwa anajua.

Kuhusu saratani, jibu linaanza na TSH ileile. Kati ya vinundu kumi vya thairoidi, tisa au zaidi si saratani, na kuwa na vingi hakumaanishi hatari imezidishwa kwa idadi yake. TSH ikiwa chini, kabla ya kuchoma sindano hufanywa skani ya thairoidi: unapewa kiasi kidogo cha teknesiamu au iodini yenye mionzi, na kamera inaonyesha sehemu zipi zinainasa. Kinundu kinachonasa kwa nguvu, ambacho tunakiita cha moto, ni nadra sana kuwa saratani, na kwa kawaida hakichomwi sindano. Kisichonasa, kikiwa na ukubwa na sura ya kutiliwa shaka kwenye altrasaundi, hutolewa seli kwa sindano nyembamba. Inauma kama kutolewa damu, inachukua dakika chache. Yanayonitia wasiwasi zaidi kuliko ukubwa ni kinundu kigumu kisichosogea, kinachokua ndani ya wiki au miezi michache, tezi za limfu zilizovimba pembeni ya shingo, na sauti iliyokwaruza ikakataa kurudi. Hujataja hata kimoja.

Ila matone yamechelewesha skani. Tezi iliyojaa iodini hainasi nyingine, kwa hiyo picha itatoka tupu na kupotosha. Huwa tunangoja wiki kadhaa, mara nyingi nne hadi nane, tangu iodini ya ziada ilipoachwa. Andika tarehe ya leo. Kipimo cha damu, ECG na CT havingoji.

Matibabu yatategemea namba mbili: mrija wa hewa umebaki na upana gani, na homoni zimefika wapi. Kama CT itaonyesha goita imeshuka nyuma ya kidari na mrija umebanwa, kwa umri wako na dalili zako nitaegemea upasuaji. Nyingi ya goita zilizoshuka hutolewa kwa kupitia shingoni bila kupasua kidari. Muulize daktari wa upasuaji anafanya ngapi kwa mwaka, swali hilo si utovu wa adabu. Nyuma ya tezi hupita mishipa ya fahamu ya sauti, mmoja kila upande, na kuna tezi nne ndogo zinazolinda kalsiamu. Ukiguswa mshipa, sauti hukwaruza. Zikidhoofika zile ndogo, midomo na ncha za vidole huchomachoma kwa ganzi na misuli hukaza, kwa kawaida siku za mwanzo, na hiyo ni ya kuripoti mara moja. Kabla ya upasuaji omba nyuzi za sauti ziangaliwe kwa kamera, ili ijulikane zilikuwaje. Homoni zikiwa juu, zitashushwa kwanza kwa dawa. Tezi ikitolewa yote, utameza thairoksini kila siku maisha yako yote.

Kama mrija una nafasi na tatizo kubwa ni homoni, iodini yenye mionzi ni njia nzuri. Humezwa mara moja, hunaswa na vinundu vinavyojiendesha, na goita hupungua taratibu, mara nyingi karibu nusu katika mwaka mmoja hadi miwili. Haifanyiki kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Nayo pia inahitaji tezi yenye njaa ya iodini, hivyo hata hapo matone ni kizuizi.

Mtu akikuandikia thairoksini leo ili "kusinyaza" uvimbe, ikatae kwa upole na uulize TSH yako aliisomaje. Dawa hiyo ina maana kwa goita yenye TSH ya juu. Kwako ingeongeza homoni juu ya homoni, na moyo ndio ungelipa.

Mpaka majibu yatoke, lala umeinuliwa kwa mito miwili au mitatu, ubavu badala ya chali. Na kama umepangiwa upasuaji wowote mwingine, hata wa jino kwa dawa ya usingizi, mwambie mtoa dawa ya usingizi mapema kwamba una goita na ukilala chali koo linabana, kwa sababu atahitaji kupanga mrija wa kupumulia kabla hajakulaza.